Kikombe cha kulia kimeganda kwenye Raleigh ya zamani

*"Fundi, shikamoo. Nina Raleigh ya marehemu babu, fremu ya chuma, imekaa Pangani miaka mingi. Mikono ya pedali nimeshaing'oa, na kikombe cha ekseli cha kushoto kimetoka bila shida. Cha kulia, upande wa cheni, hakisogei hata kidogo. Tumekigeuza kinyume cha saa kwa spana na bomba, fundi wa mtaani akakipiga tindo, sasa bapa zake mbili zimeanza kulika. Vikombe vipya nimeshanunua. Nikitoeje bila kuiua fremu?"*

Marahaba, kijana wangu. Weka spana chini kwanza, maana muda wote huo mmekuwa mkikikaza. Kikombe cha kulia cha baiskeli yako kina hesi ya kushoto. Ukisimama upande wa cheni na kukitazama, kinafunguka kwa kufuata saa, kinakazika kinyume cha saa. Cha kushoto ni kawaida: kinafunguka kinyume cha saa, ndiyo maana hakikukusumbua, na ndiyo maana mkadhani mwenzake naye atakubali hivyo hivyo.

Njia ya kutosahau ni hii: vikombe vyote viwili vinafunguka kuelekea upande ambao pedali zinazunguka baiskeli ikienda mbele. Simama kulia, fikiria mtu anaendesha, mkono wa pedali unafuata saa, na kikombe kinafunguka hivyo hivyo. Hamia kushoto, mkono ule ule sasa unaonekana ukienda kinyume cha saa, na kikombe cha huko nacho kinafunguka hivyo. Kanuni hii inashika kwa baiskeli zenye hesi ya Kiingereza, na Raleigh ya Nottingham imo humo. Baiskeli za Kitaliano, na nyingi za Kifaransa za zamani, zina hesi ya kawaida pande zote mbili, kwa hiyo usiitumie kwa kila baiskeli itakayopita mbele yako. Kwa hii ya babu, itumie bila wasiwasi.

Huenda mkishageuza upande sahihi kikatoka siku hiyo hiyo. Lakini kwa kuwa kimekaa pwani miaka, kimekazwa zaidi kwa bomba, na juu yake kimepigwa tindo, sitarajii kitoke kirahisi. Hata hivyo, kabla hatujafika kwenye nguvu kuna maswali mawili ya kujibu, na jibu lake linaweza kukuondolea kazi nzima.

La kwanza: kwani ni lazima kitoke? Kikombe cha kulia cha baiskeli za namna hii hakirekebishwi. Kinafungwa kiwandani na kinaweza kukaa humo maisha yote ya fremu. Marekebisho yote hufanyika kushoto, kwenye kile chenye ringi ya kufungia. Kama kilicho ndani ni kizima, unakisafisha kikiwa humo humo, unapaka grisi, unaweka gololi mpya, unaendelea na safari. Chukua kitambaa na mafuta ya taa, kipanguse mpaka ing'ae, kisha umulike kwa tochi kupitia upande wa kushoto. Tazama njia ya gololi, ile duara inayong'aa. Pita juu yake kwa ncha ya kalamu ya wino, taratibu, mzunguko mzima. Ikiteleza kama juu ya kioo, hata kama kuna mstari mng'avu, kikombe hicho bado kina kazi. Ikidunda kwenye vishimo, basi kimekwisha. Anza kutafuta vishimo upande wa chini na kuelekea nyuma kidogo, kwa sababu uzito wa mwendeshaji unaibana ekseli chini na cheni inaivuta nyuma, kwa hiyo sehemu hiyo ndiyo inayoumia mapema kuliko nyingine.

Gololi ni za robo inchi, 11 kila upande. Usirudishe za zamani hata zikionekana nzuri kwa macho. Ikague pia ekseli yenyewe pale gololi zinapotembea, kwani mara nyingi huko nako kuna vishimo, na ekseli yenye vishimo itakula kikombe kipya.

Swali la pili ni kuhusu hivyo vikombe vipya ulivyonunua. Raleigh nyingi za zamani zilizotoka Nottingham zilikuwa na hesi ya kiwanda chenyewe: kipenyo cha inchi 1 na 3/8, meno 26 kwa inchi. Vikombe vinavyouzwa madukani kwa kawaida ni vya inchi 1.37, meno 24 kwa inchi. Vipenyo vinatofautiana kwa unywele tu, na hapo ndipo mtego ulipo. Kikombe cha meno 24 kitaanza kuingia kwenye fremu ya meno 26, kitakwenda mzunguko mmoja au miwili kwa mkono, kisha kitakaza. Mwenye haraka anaongeza bomba kwenye spana na kuchana hesi ya fremu, na tatizo la kikombe linageuka kuwa tatizo la fremu.

Kupima ni rahisi kwa sababu unacho kikombe cha zamani cha kushoto mkononi. Kisugue kwa brashi ya waya mpaka meno yaonekane. Kichukue na kile kipya cha kushoto, uvilaze ubavu kwa ubavu ili meno ya kimoja yakae kwenye mifereji ya kingine, halafu uvielekeze dirishani. Kama ni hesi moja, vitakaa kimya na hutaona mwanga ukipita kati yao. Kama ni 24 na 26, vitashikana upande mmoja na kupanda juu ya meno upande mwingine, kwa sababu ndani ya nusu inchi tu wanapishana jino zima. Pima pia upana wa bomba lenyewe la ekseli, ukuta hadi ukuta. Likiwa na milimita 68 inaelekea ni hesi ya kawaida. Likiwa na 71 au 76, hiyo ni ile ya Raleigh.

Ukikuta ni ya Raleigh na vikombe vyako ni vya kawaida, usikitupe hata cha zamani kilichochoka, mpaka uwe na mbadala. Unaweza kutafuta vikombe vya Raleigh vilivyotumika kwa mafundi wenye masanduku ya vyuma vya zamani, au ukampelekea fremu fundi mwenye tepu za hesi ya ekseli akapitisha meno 24 juu ya yale 26. Kwa kuwa kipenyo karibu ni kile kile, hesi mpya hupatikana yenye nguvu ya kutosha kwa baiskeli ya kawaida. Kama uliona vishimo kwenye njia ya gololi, kikombe kilichoganda hapo lazima kitoke, kwa hiyo twende kwenye kazi.

Fungua magurudumu, uma na usukani. Utaigeuza fremu hii mara nyingi, na fremu tupu ni nyepesi. Kisha tuanze na mafuta, na hapa watu wengi wanakosea mahali pa kuyaweka. Kikombe cha kulia kina mdomo mpana unaobana ukutani kwa nje, kwa hiyo mafuta unayopulizia upande wa cheni yanabaki nje na kutiririka sakafuni. Hesi zilizoganda ziko ndani. Mafuta yapitie kushoto.

Laza fremu ubavu wa kulia, kikombe kikiwa chini. Katikati yake kuna tundu la ekseli, na mafuta yatapenya hapo mara moja, kwa hiyo lizibe. Kizibo cha mti laini kilichochongwa kinatosha, au kipande cha kandambili kilichokatwa kikubwa kidogo kuliko tundu na kusukumwa kwa nguvu. Mimina mafuta mpaka yazunguke kikombe na kufika juu ya ukingo wake wa ndani, kwa sababu njia ya kwenda kwenye hesi inaanzia kwenye ukingo huo. Usijaze zaidi, maana juu kidogo kuna matundu ya mabomba ya fremu na mafuta yataishia huko. Zile Raleigh zenye tundu la mafuta chini ya bomba la ekseli, lenye kifuniko kidogo, litazame pia. Mara nyingi limeziba kwa uchafu, na ukilizibua utapata njia nyingine ya kupitishia.

Mafuta gani? Ya kupulizia yanayouzwa kila duka ni mazuri kwa kufukuza maji, lakini kwa kutu ya miaka ni dhaifu. Kama utapata mafuta maalumu ya kulegeza kutu, tumia hayo. Usipopata, changanya nusu kwa nusu ATF, ile oili nyekundu ya giaboksi ya otomatiki, na asetoni. Asetoni inaifanya oili iwe nyepesi ya kuingia penye ufa mdogo. Changanya kiasi cha kutumia tu, kwenye chombo cha chuma au kioo, nje penye hewa, mbali na jiko na sigara. Na jihadhari na rangi: asetoni itayeyusha maandishi ya babu ikidondokea nje. Acha usiku mzima, uongeze asubuhi, uache tena. Kila unapopita karibu, gonga ukuta wa bomba la ekseli kwa nyundo ndogo ukiwa umeweka kipande cha mbao kati. Mtetemo mdogo mdogo unaosambaza mafuta una faida kuliko pigo moja la hasira.

Sasa nguvu. Kwa kikombe chenye bapa nzima, chombo kizuri kuliko vyote ni jiliwa, ile vaisi ya mezani. Bapa zako zimelika, lakini usikate tamaa. Zichonge kwa faili mpaka ziwe bapa tena na sambamba, hata kama zitapungua kidogo. Kitu kinachofanya spana iteleze ni pembe kuwa duara, na faili inazirudisha. Fungua taya za jiliwa, geuza fremu upande wa kulia uangalie chini, ushushe kikombe katikati ya taya mpaka mdomo wake ukalie juu yake, ubane kadri uwezavyo. Jiliwa liwe limefungwa kwa bolti kwenye meza nzito, na meza isiyumbe.

Sasa usigeuze kikombe, geuza fremu. Shika kichwa cha fremu kwa mkono mmoja na ncha za nyuma kwa mwingine, na fremu nzima imekuwa mpini wa spana. Ila mwelekeo unapinduka kwa sababu unatazama kutoka juu, yaani ubavu wa kushoto: fremu izunguke kwa kufuata saa. Jiridhishe kwa kufikiria hivi: kikombe kimesimama, fremu inafuata saa kwa anayetazama kutoka kushoto, maana yake kwa anayetazama kutoka kulia fremu inakwenda kinyume cha saa na kikombe kinafuata saa ndani yake. Ndicho tunachotaka. Sukuma polepole na uongeze mpaka kilie. Ule mlio mkavu kama kuni inayopasuka ni kutu inaachia, na ukiusikia umeshinda. Rudisha nyuma kidogo, ongeza mafuta, endelea mbele, rudisha tena. Ukilazimisha kwenda moja kwa moja, unga wa kutu utajikusanya na kukwama njiani.

Kama huna jiliwa la kuaminika, au bapa zimekwisha kabisa, kuna chombo unachoweza kujitengenezea kwa bolti. Hiki ndicho ninachokipenda kwa kazi za mbali na karakana, na kina ujanja mmoja: badala ya kushika bapa kinakishika kikombe kwa kukibana pande mbili, kwa hiyo bapa zikiwa zimekufa hainihusu.

Nunua bolti ya M16 yenye hesi mwili mzima, urefu wa milimita 120 hivi kwa bomba la 71. Ukiwa na la 76, chukua ndefu zaidi kidogo. Kichwani pawe pameandikwa 8.8. Usichukue laini isiyo na namba, maana itanyooka kama mpira kabla kutu haijaachia. Ekseli ya baiskeli hizi ina unene wa milimita 16 hivi, kwa hiyo bolti hiyo inapita kwenye tundu la kikombe. Jaribu dukani ukiwa na ekseli mkononi, na ikionekana inakwama chukua M14. Nunua pia nati mbili, washa moja nene ya bapa na moja ya springi.

Zungusha nati moja kwenye bolti mpaka ifike mahali ambapo, bolti ikipitishwa kutoka kushoto na kichwa kikiwa nje ya bomba la ekseli, nati hiyo itakalia ndani ya kikombe cha kulia na bolti itatokeza nje kiasi cha kubeba washa na nati ya pili. Weka alama, itoe, umpelekee mchomeleaji aishikize nati hiyo kwa doti mbili ili isizunguke tena. Kazi ya dakika chache. Pangusa mafuta yote kwenye sura za kikombe, ndani na nje, kwa kitambaa kikavu na asetoni kidogo, kwa sababu chombo hiki kinaishi kwa msuguano. Pitisha bolti kutoka kushoto, nati iliyochomelewa iingie ndani ya kikombe. Nje, upande wa cheni, weka washa ya bapa, washa ya springi, kisha nati ya pili.

Mwombe mwenzako ashike kichwa cha bolti kule kushoto kwa spana ya 24. Wewe kaza nati ya kulia kwa kufuata saa mpaka ibane sawasawa. Sasa mwambie aachie. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wakiendelea kushikilia kichwa, sehemu ya nguvu yako inaishia mkononi mwa yule aliyeshika badala ya kufika kwenye kikombe. Akiachia, nati, bolti na kikombe vimekuwa kitu kimoja, na unapoendelea kugeuza kwa kufuata saa kila kitu kinataka kwenda pamoja. Upande wa kukaza nati ndio huo huo wa kufungua kikombe, kwa hiyo chombo hakiwezi kujilegeza chenyewe. Kikiteleza, mwenzako ashike tena, ukaze zaidi, aachie, ujaribu upya.

Weka bomba la sentimita 60 kwenye spana. Ukining'iniza uzito wa kilo 30 mwishoni mwake unapata kama nyutoni mita 176, na hiyo inatosha kwa vikombe vingi huku ikiwa bado ndani ya uwezo wa bolti ya 8.8. Fremu ifungwe au ilaliwe na mtu mzito, maana itataka kuzunguka na wewe. Nati ya ndani itaacha alama kwenye njia ya gololi, kwa hiyo njia hii ni ya kikombe ambacho umeshaamua kukitupa. Kama unataka kukitumia tena, tumia jiliwa.

Kikikataa bado, tia joto, lakini kwanza ondoa mafuta yote na uache asetoni iruke kabisa, angalau siku nzima penye upepo. Anza na birika la maji yanayochemka, ukimwagia bomba la ekseli pande zote, siyo kikombe. Lengo ni ukuta wa nje upate joto haraka na kutanuka kabla ya kilichomo ndani. Kutanuka kwenyewe ni kidogo mno: chuma cha kipenyo cha milimita 35 kikipanda nyuzi 150 kinaongezeka kama sehemu 6 za mia za milimita. Lakini kutu haitaki kunyumbulika, na uchache huo unatosha kuipasua. Maji yakishindwa, tochi ya gesi inafaa kwa mwendo wa mbio mbio, ikizungushwa bila kusimama mahali pamoja. Rangi ikianza kubadilika, simama. Fremu za Raleigh za aina hii zimeunganishwa kwa shaba ya njano, ambayo huyeyuka kwenye joto kubwa mno kuliko utakalohitaji, kwa hiyo maungio hayataachia. Kitakachopotea ni rangi, na kwa baiskeli ya babu huenda rangi ndiyo unayoitaka zaidi.

Niliwahi kuletewa baiskeli ya namna hii na mchuuzi wa madafu. Kikombe kilikuwa hakina bapa hata moja, kimebaki duara kama sarafu, na bolti iliteleza kila nilipoongeza nguvu kwa sababu sura ya nje ilikuwa imeliwa na kutu mpaka haikuwa bapa. Hapo nilikwenda kwa mchomeleaji moja kwa moja. Tulikisugua kikombe mpaka chuma cheupe, tukaweka kipande cha bapa la chuma la milimita 8, urefu wa mkono, likapita juu ya kikombe, tukalichomelea kwenye uso wake kwa mishono mifupi minne. Waya wa ardhi ulibanwa kwenye bomba la ekseli lenyewe, penye sehemu iliyosuguliwa, ili umeme usitafute njia ndefu kupitia fremu. Tuliacha kipoe mpaka mkono uliweza kuvumilia kukigusa, tukashika lile bapa na kuvuta kwa kufuata saa. Kilitoka kwa mkono mmoja. Joto la kuchomelea linakifanya kikombe kitake kutanuka huku ukuta unakizuia, basi kinajibana, na kikipoa kinabaki kidogo kuliko kilivyokuwa. Hilo ndilo linalovunja kutu, na bapa ni mpini tu.

Kwa mazingira yetu, ambapo mchomeleaji yuko kila kona lakini grinda ndogo ya mkono haipatikani kwa urahisi, naona njia hii inafaa kuliko kukikata. Masharti yake ni mawili. Mafuta yawe yamekauka, maana mvuke ndani ya mabomba ya fremu unaweza kuwaka. Na mchomeleaji aelewe kwamba anashona kikombe na siyo ukingo wa bomba. Doti moja ikikamata vyote viwili, umekifunga kikombe kwenye fremu milele. Mwonyeshe mstari ule unaowatenganisha, uuchore kwa chaki, akae ndani yake kwa angalau milimita 3.

Kukata ni hatua ya mwisho kabisa. Msumeno wa chuma utateleza, kwa sababu njia ya gololi imefanywa ngumu makusudi. Unahitaji jiwe dogo la kukatia. Kata mfereji kutoka ndani kuelekea ukutani, sehemu mbili zinazokaribiana, na usimame unapoona mstari mweusi mwembamba ukijitokeza: hiyo ni kutu na mafuta ya zamani kwenye hesi, maana yake umebakiza unene wa karatasi. Kisha tia tindo kwenye kipande kilicho kati ya mifereji, ukikunje kwa ndani, na kikombe kitalegea chote. Ukipita mstari huo umekata hesi ya fremu. Mkato mmoja mdogo unavumilika, miwili mikubwa inavujisha kila kitu.

Kikombe kikishatoka, safisha hesi za fremu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka maji yawe meupe. Kama huna tepu ya kusafishia, chukua kikombe cha zamani cha upande huo huo, ukate mfereji mmoja kwa grinda kukatisha meno yake kutoka mbele hadi nyuma, upake mafuta, ukizungushe ndani na nje. Ule mfereji utakusanya uchafu. Cha kulia kitumike kulia tu. Kilichochomelewa au kukatwa hakifai tena kazi hii.

Kuingiza kipya: paka grisi kwenye hesi zote mbili, ya fremu na ya kikombe, bila uchoyo. Kikombe cha kulia kinaingia kinyume cha saa. Kianzishe kwa vidole, na kiende mizunguko mitatu kamili kabla hujagusa spana. Kikigoma kabla ya hapo, kitoe uanze upya, na kikigoma tena rudi kwenye ule mtihani wa dirishani. Kaza mwisho kama nyutoni mita 60, yaani kilo 20 kwenye spana ya sentimita 30, mdomo ukalie ukuta pande zote bila nafasi.

Kisha gololi 11 kwenye grisi, ekseli, gololi 11 nyingine, na kikombe cha kushoto kwa vidole mpaka ekseli izunguke bila kutetereka wala kukwaruza. Fahamu kwamba ekseli ina upande mrefu na mfupi, mrefu uende kwenye cheni. Unapokaza ringi ya kufungia, kikombe cha kushoto kitataka kuzunguka nayo na kubana gololi, kwa hiyo kishike kwa spana yake huku ringi ikikazwa, na ukiache kimelegea kidogo tu, kiasi cha kuhisiwa mkononi, kabla ya kukaza mwisho. Kota za mikono ya pedali zikisharudi na kupigwa vizuri, shika ncha ya mkono mmoja uusukume kuelekea fremu na kuuvuta. Usisikie mchezo wowote. Baada ya wiki ya kuendesha, pitia tena ringi ya kushoto na nati za kota, kwa sababu hizo ndizo zinazojilegeza mwanzoni.